29 Septemba 1991: huyu ni 4 au ni 22?

Chukua tarehe hii ya kuzaliwa, 29/9/1991, uwape watu watatu wanaojua numerolojia, yaani usomaji wa maana za namba, wakutafutie namba ya njia ya maisha, ile inayopatikana kwa kujumlisha na kufupisha tarehe ya kuzaliwa. Usishangae wawili wakileta 4 na mmoja akaleta 22. Hesabu za wote watatu ni sahihi. Wametofautiana mahali pa kuanza kujumlisha, na hapo ndipo namba kuu, yaani 11, 22 na kwa wengine 33, ambazo hazifupishwi hadi tarakimu moja, huokoka au hupotea.

Wa kwanza anamwaga tarakimu zote pamoja: 2+9+9+1+9+9+1 ni 40, na 4+0 ni 4. Wa pili anajumlisha siku, mwezi na mwaka vikiwa vizima: 29+9+1991 ni 2029, tarakimu zake zinafika 13, kisha 4. Wa tatu anafupisha kila sehemu peke yake kabla ya kuzikutanisha, na hii ndiyo njia ninayoitumia. Siku: 2+9 ni 11, anasimama hapo kwa sababu 11 ni namba kuu. Mwezi: 9. Mwaka: 1+9+9+1 ni 20, halafu 2+0 ni 2. Sasa 11+9+2 ni 22, nayo pia ni namba kuu, kwa hiyo haifupishwi tena. Huandikwa 22/4, ili msomaji aone namba kuu pamoja na mzizi wake wa tarakimu moja.

Angalia kilichotokea kwenye siku. Kama angeishusha 11 hadi 2, jumla ingekuwa 2+9+2, yaani 13, na jibu lingekuwa 4 kama la wenzake. Kila unaposhusha 11 kuwa 2 unaondoa 9, na ukishusha 22 kuwa 4 unaondoa 18. Kuondoa 9 au kizidisho chake hakubadilishi mzizi wa mwisho, ndiyo maana wote watatu wanakubaliana kwenye 4. Lakini kunabadilisha jumla unayopitia njiani, na namba kuu huonekana kwenye jumla hiyo tu.

Kwa nini kufupisha kila sehemu peke yake? Kwa sababu katika usomaji wa namba, siku, mwezi na mwaka kila kimoja kina maana yake na husomwa kama kipindi chake cha maisha. Aliyezaliwa tarehe 29 ana 11 kwenye siku yake hata kabla hujagusa mwaka. Ukimwaga tarakimu zote kapu moja, sehemu hizo zinayeyuka. (Maana zenyewe ni mapokeo, si kipimo cha maabara. Ninachotetea hapa ni utaratibu wa hesabu usiojipinga.)

Utaratibu huo huo hunyima watu namba waliyoitamani. Jaribu 22/7/1984. Kwa kumwaga tarakimu zote unapata 33, na mtu anaondoka kifua mbele. Kwa sehemu: siku ni 22 na inabaki, mwezi ni 7, mwaka 1+9+8+4 ni 22 na nao unabaki. 22+7+22 ni 51, kisha 6. Tarehe ina namba kuu mbili ndani yake, lakini njia ya maisha ni 6 tu. Zile 22 mbili utazisoma kwenye siku na mwaka, si kwenye jibu la mwisho.

Kwa hiyo namba kuu unaitunza sehemu mbili: unapomaliza kufupisha siku, mwezi au mwaka, na unapofika kwenye jumla ya mwisho. Kwenye siku ni tarehe 11, 22 na 29 pekee. Kwenye mwezi ni Novemba. 11 na 22 zinakubalika karibu na kila msomaji. Kuhusu 33 watu hawaafikiani, na wanaoitambua huitazama kwenye jumla ya mwisho, maana hakuna siku wala mwezi unaoizaa, na miaka ya 1900 na 2000 haifiki huko: 1999 yenyewe inaishia 28.

Kosa ninalolikuta zaidi ni kukata mwaka. Anayeandika 91 badala ya 1991 anapata 10, kisha 1, wakati jibu ni 2. Anayeandika 09 badala ya 2009 anapata 9 na kuipoteza 11 nzima. Andika tarakimu zote nne. Kugeuza siku na mwezi, kwa upande mwingine, hakudhuru njia ya maisha, kwani jumla ni ile ile.

Ukimaliza, jikague kwa kumwaga tarakimu zote na kuzifupisha hadi ibaki moja. Ikitofautiana na mzizi wako, kwa mfano una 22/4 na ukaguzi unatoa 5, kuna mahali umejumlisha vibaya, na mara nyingi ni kwenye mwaka. Zikilingana, mzizi ni sahihi, ila ukaguzi huu hauwezi kukuambia kama uliishusha namba kuu mapema. Hilo utaliona kwa kurudi kwenye sehemu tatu na kutazama kila moja ilisimama wapi.