Je, wajua dakika tano za mwanzo wa kipindi zina kazi gani?

*"Kipindi chenyewe dakika 40. Kwa nini nizipoteze tano za mwanzo kuuliza mambo ya jana, badala ya kuingia kwenye mada moja kwa moja?"*

Kwa sababu mada mpya haina pa kukaa kichwani mwa mtoto mpaka kile itakachoshikamana nacho kiwe kimeshaamshwa. Nitaeleza kwa somo moja tu, Hisabati ya shule ya msingi, siku ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti: 1/2 + 1/3.

Hebu hesabu mtoto anapaswa kubeba nini kichwani ili afike kwenye jibu. Atafute vigawe vya 2, atafute vya 3, aone kwamba 6 ndiyo kigawe kidogo cha shirika. Aigeuze nusu iwe 3/6, theluthi iwe 2/6. Ajumlishe viasi, asiguse asili. Sasa, akili ya mtu inaposhughulikia jambo geni hushika vitu vichache mno kwa wakati mmoja, vitatu au vinne hivi, na cha tano kikiingia kimojawapo kinadondoka. Aliyekwisha kuzoea kwamba nusu na 3/6 ni kitu kimoja anabeba jambo moja tu geni. Asiyezoea anabeba yote, na katikati ya njia anasahau alikuwa anatafuta nini.

Kwa hiyo utangulizi mimi huuandika mwisho. Natazama kwanza mfano nitakaofundisha, najiuliza unasimama juu ya nini, kisha nautafuta utangulizi humo humo. Kwa somo letu ni maswali matatu ubaoni, kila mtoto anajibu kwenye daftari lake, kimya:

1/2 = □/6
1/3 = □/6
3/6 + 2/6 = □

Tazama vizuri. Somo zima la leo limo humo, limekatwa vipande, na hakuna kipande kigeni. Linganisha na utangulizi tunaouona kila siku. "Jana tulisoma niniii?" "Seheeemu!" Darasa zima linaitikia, na mwalimu hajajua lolote. Wimbo nao ni mzuri kwa kuchangamsha watoto wa Darasa la Kwanza baada ya uji, lakini haumwambii mwalimu kama Juma kule nyuma anajua nusu ni 3/6.

Na maswali hayo matatu yana kazi ya pili ambayo walimu wengi huisahau: ni ruhusa ya kuendelea. Nikizunguka nikaona karibu theluthi ya darasa wamekosa swali la kwanza, naliacha andalio la somo kando na kipindi kinakuwa cha sehemu zilizo sawa. Inauma, hasa azimio la kazi likiwa limeshachelewa wiki mbili. Lakini ukilazimisha, mada hiyo utairudia kesho kutwa.

Hatua tulizozoea za andalio la somo, kutoka utangulizi kwenda maarifa mapya, kuimarisha na tafakuri, wengi tunadhani ni urasimu wa wakaguzi. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwanafalsafa wa Kijerumani Johann Friedrich Herbart, aliyefariki 1841, alishikilia kwamba wazo jipya hupokelewa na mawazo ambayo tayari yamo akilini. Wafuasi wake, Tuiskon Ziller na Wilhelm Rein, ndio waliolifanya kuwa hatua tano za kufuatwa darasani, na ya kwanza kati yake ni kumwandaa mwanafunzi kwa kuamsha anachokijua. Safu tunazojaza leo ni wajukuu wa hatua zile.

Turudi darasani. Dakika ya sita naanza jambo jipya, na hapa nataka dakika kumi na mbili, zisizidi kumi na tano. Nachukua karatasi mbili zilizo sawa. Kila moja naikunja iwe vipande viwili sawa kwa upana na vitatu sawa kwa urefu, nikiikunjua ina vyumba sita. Kwenye karatasi ya kwanza napaka rangi nusu: vyumba vitatu. Kwenye ya pili napaka theluthi: vyumba viwili. Vitatu na viwili ni vitano, na kila kimoja ni sehemu ya sita. Jibu ni 5/6, na wameliona kabla hawajaambiwa kanuni yoyote.

Kwa nini karatasi mbili? Niliwahi kutumia moja, mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiona ni uhodari wa kubana matumizi. Nikapaka nusu kwa wima, nikapaka theluthi kwa ulalo. Chumba kimoja kikapakwa mara mbili. Watoto wakahesabu vyumba vyenye rangi wakapata vinne, wakaniandikia 4/6, nami nikabaki nimeshika chaki. Hawakukosea wao.

Baada ya karatasi, mfano unaandikwa ubaoni wote, mstari kwa mstari, na watoto hawaandiki chochote. Kisha mfano wa pili, 1/2 + 1/5, naufanya mpaka 5/10 + 2/10 naacha mstari wa mwisho waumalizie wao. Wa tatu, 1/3 + 1/4, natafuta nao 12, kuigeuza ni juu yao. Msaada unaondolewa kutoka mwishoni kuja mwanzoni. Kumwachia mtoto swali zima mapema humchosha kutafuta njia wakati bado hajaijua. John Sweller na Graham Cooper wa Australia walilionyesha hilo 1985 kwa wanafunzi wa aljebra: waliopewa mifano iliyokamilika ya kusoma, kila mmoja ukifuatwa na swali la kufanana nao, walifanya maswali ya aina ile ile haraka zaidi na kwa makosa machache kuliko waliopewa maswali matupu.

Kisha mazoezi, dakika kama kumi na tano. Usiulize "Tumeelewana?" Utajibiwa "Ndiyooo!" hata na aliyelala. Wape maswali mawili ya kwanza, uzunguke hapo hapo, wasifike la kumi ndipo uende kusahihisha. Katika darasa la watoto 70 huwezi kusoma kila daftari, ila huna haja, kwa sababu makosa mengi ya somo hili yana sura mbili na yanaonekana kwa mbali.

Kwa 1/2 + 1/3, sura ya kwanza ni 2/5. Mtoto amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Huyu hakupata wazo lenyewe. Usimrudishie kanuni, muulize tu: "Ulikuwa na nusu ya mkate, nikakuongezea, mbona sasa una pungufu ya nusu?" Maana 2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Akikaa nalo kidogo, analifuta mwenyewe.

Sura ya pili ni 2/6. Huyu 6 ameipata, ila ameacha viasi vilivyokuwa: 1/6 + 1/6. Shida yake ni swali la kwanza la utangulizi, nawe ukirudi nyuma kwenye daftari lake mara nyingi utakuta alilikosa, au alilinakili kwa jirani. Makosa mawili yanayofanana kwa jicho, lakini moja linakurudisha kwenye karatasi zilizokunjwa na jingine kwenye dakika ya tatu ya kipindi. Ndiyo faida ya kuwa na mpangilio: mambo yakiharibika unajua yaliharibikia wapi.

Katikati ya zoezi natupia swali kama 2/7 + 3/7. Wapo watakaoanza kuzidisha 7 kwa 7. Watafika, lakini wamenionyesha kwamba wamekariri utaratibu bila kutazama asili kwanza.

Hapa ndipo kipindi huibiwa. Mwalimu wa somo lililopita alichelewa kutoka, madaftari yamegawiwa polepole, zoezi limenoga, kengele inalia. Kinachokufa ni dakika za mwisho, zile za tafakuri, na kwa maoni yangu ndizo za kulindwa kuliko zoezi lenyewe. Kama muda umebana, punguza maswali kutoka manane hadi matano, tafakuri ibaki.

Ila tafakuri si mwalimu kusimama na kurudia aliyoyasema, huku watoto wakitikisa vichwa. Mimi nafuta ubao. Madaftari yanafungwa. Kila mtoto anachukua kipande cha karatasi, robo ukurasa inatosha, anafanya swali moja: 1/3 + 2/5. Hakuna kuulizana. Kufuta ubao ndiko kunakofanya kazi, kwa sababu mfano ukiwa mbele yake anaufuata, na ukiwa haupo inabidi autoe kichwani. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio la wanafunzi wa chuo waliosoma kifungu kifupi. Kundi moja lilikisoma tena, jingine likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki mambo yaligeuka: walioandika kwa kumbukumbu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana marudio ya mwalimu kusema na watoto kuitikia yanapendeza siku ile ile, halafu Jumatatu unakuta pamekauka.

Je, mpangilio huu haugeuziki? Unageuzika. Mtafiti Manu Kapur amekuwa akionyesha tangu 2008 kwamba wanafunzi wakiachiwa kwanza kuhangaika na tatizo, hata wakishindwa, mafundisho yakija baadaye huwakaa vizuri zaidi. Naamini hilo, na kwa kipindi pacha cha sekondari, dakika 80, ningelijaribu. Lakini mahangaiko hayo yanahitaji watoto wawe na maarifa ya kuhangaikia, na mafundisho lazima yafuate siku hiyo hiyo. Kwa dakika 40 na watoto 70, kengele italia wakiwa bado wanahangaika, wataondoka na 2/5 kama jibu.

Vile vikaratasi siviwekei alama. Nikiwa ofisini navipanga mafungu matatu: waliopata 11/15, walioandika 3/8, na walioandika 3/15. Dakika saba, nane hivi, kwa darasa zima. Fungu la 3/15 likiwa nene, maswali matatu ya kesho asubuhi yameshajiandika yenyewe, na la kwanza ni 1/3 = □/15.