"Msambazaji atanikopesha": dhana zinazoangusha famasi mpya

Mimi ni mfamasia, na huwa napitia michanganuo ya watu wanaotaka kufungua famasi hapa Arusha. Karibu kila mchanganuo una ule mstari ninaouogopa: "Mtaji uliobaki utatokana na dawa za mkopo." Wiki iliyopita nimeusoma tena, kwenye karatasi za mama mmoja mstaafu anayetaka kufungua famasi Sakina. Safari hii nimeona niandike.

Dhana: Dawa za mkopo ni mtaji.

Ukweli: mkopo wa msambazaji ni muda tu, na kwa kawaida ni siku 30. Ukiisha, anataka fedha yake hata kama boksi bado liko kwenye shelfu.

Tuchukue hesabu za huyo mama. Alipanga kujaza dawa za shilingi milioni 25: milioni 10 taslimu, milioni 15 kwa mkopo wa siku 30. Mauzo aliyatarajia kuwa 300,000 kwa siku, yaani milioni 7.8 kwa siku 26 za kazi, akiwa ameongeza asilimia 30 juu ya bei ya kununulia. Gawanya milioni 7.8 kwa 1.3, utapata milioni 6. Hiyo ndiyo thamani ya mzigo utakaotoka kwa mwezi, kwa bei aliyonunulia. Kwa kasi hiyo, dawa za milioni 25 zinahitaji zaidi ya miezi minne kuisha. Sasa deni la siku 30 litalipwaje na mzigo wa miezi minne? Kodi, mishahara na umeme ni milioni 1.9, kwa hiyo siku ya 30 ana milioni 5.9 mkononi na deni la milioni 15.

Kinachofuata nimekiona mara nyingi mno. Msambazaji anasimamisha mzigo. Zinazokwisha kwanza ni dawa zinazotoka kila siku: parasetamoli, amoksilini, ORS, amlodipini, metformini. Zinazobaki ni zile zilizolala. Shelfu inaonekana imejaa, lakini mgonjwa wa presha anaondoka mikono mitupu, na akishazoea famasi nyingine harudi. Mauzo yanashuka wakati deni liko palepale. Dalili ya mapema ni hii: ukianza kumlipa msambazaji wa kwanza kwa fedha ya mzigo wa msambazaji wa pili, tayari umezama.

Ushauri wangu ni mmoja, na sitauacha: kopa dawa zinazotoka haraka tu, na kila moja ukope kiasi utakachomaliza ndani ya wiki tatu. Dawa zinazokwenda polepole, kama baadhi ya matone ya macho, nunua taslimu, boksi moja moja. Na ofa ya "nunua kumi upate moja" isikudanganye. Ni nafuu ya asilimia tisa hivi, nayo haina maana ikiwa maboksi kumi na moja yatakaa hadi muda wake wa matumizi uishe.

Tulipanga upya. Kati ya milioni 10 zake, 7 zinanunua dawa na 3 zinabaki benki. Anakopa milioni 3 tu. Mauzo yakifika pale alipotarajia, siku ya 30 analipa deni lote, anabaki na milioni 2.9 za kununulia dawa bila kugusa zile za benki, anakopa tena milioni 3, na shelfu inarudi karibu pale ilipokuwa.

Dhana: Nikiongeza asilimia 30, faida yangu ni asilimia 30 ya mauzo.

Hapana. Ni 23, maana ulichonunua kwa 100 unakiuza 130, na 30 unaigawanya kwa 130. Mama alihesabu faida ghafi ya milioni 2.34 wakati ni milioni 1.8, chini ya gharama zake kwa laki moja. Ndiyo maana zile milioni 3 lazima zikae benki. Tena asilimia ileile haiwezi kukaa kwenye dawa zote. Bei ya parasetamoli mtaa mzima unaijua, ukiipandisha unafukuza wateja. Nafasi ya kuongeza iko kwenye bidhaa ambazo mteja halinganishi bei sana.

Dhana: Mfamasia ni cheti cha kutundika ukutani.

Hii inaniuma. Watu wanalipia jina la mfamasia kisha hawamwoni dukani, halafu oda anaandika mwenye duka akishauriwa na mtu wa mauzo. Hivyo ndivyo unavyokuta amlodipini ya miligramu 5 ya makampuni sita kwenye shelfu moja, wakati mbili, ya bei nafuu na ya bei ya juu, zinatosha. Mfamasia ndiye wa kusema zipi ni dawa ileile, insulini ikae kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, na antibayotiki isitoke bila cheti cha daktari. Nilimwambia mama ampe mfamasia wake kalamu ya oda: boksi lolote asiloliidhinisha lisipokelewe, hata likiletwa kwa mkopo.