Ejenti wangapi wakae kwenye simu kila nusu saa?

Chukua kituo cha simu kilicho Mombasa Road, Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi zinatarajiwa simu 120, na kila simu humchukua ejenti sekunde 240 kwa wastani, yaani dakika nne. Anayepanga shifti anataka kujua aweke ejenti wangapi kwenye nusu saa hiyo.

Kwanza hutafutwa mzigo wa kazi. Zidisha simu kwa muda wa kuhudumia, kisha ugawe kwa sekunde 1,800 zilizomo katika nusu saa:

```
=120*240/1800
```

Jibu ni 16. Kipimo hiki huitwa erlang, kwa jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha fomula zake mwaka 1917. Erlang 16 ni kusema kwamba, kwa wastani, kuna kazi ya kuwashughulisha watu 16 bila kupumua.

Sasa, je, tuweke ejenti 16? Hapana, na hapa ndipo ratiba nyingi huharibika. Watu 16 wangetosha kama simu zingeingia moja kila sekunde 15 na kila mteja akaongea dakika nne kamili. Simu haziji hivyo. Dakika hii zinaingia nane, inayofuata mbili. Katika dakika ile ya simu mbili kuna ejenti wanaokaa wakisubiri, na sekunde hizo walizokaa bure haziwezi kuwekwa akiba zitumike baadaye. Wimbi la pili likija, wanaanza upya wakiwa nyuma. Kwa ejenti 16, foleni hurefuka tu mpaka wateja wachoke na kukata.

Fomula ya Erlang C ndiyo inayokadiria nafasi ya ziada inayohitajika. Tuseme lengo ni lile la kawaida: asilimia 80 ya simu zipokelewe ndani ya sekunde 20. Kwa mzigo wetu wa 16, ejenti 17 wanafikia takriban asilimia 32, na mteja husubiri karibu dakika tatu kwa wastani. Wakiwa 18 ni asilimia 55, wakiwa 19 ni 71, na wakiwa 20 ni 82. Ona jinsi mtu mmoja tu, yule wa 18, anavyoupunguza muda wa kusubiri kutoka dakika tatu hadi dakika moja na sekunde chache. Jibu letu basi ni 20. Watakuwa na kazi asilimia 80 ya muda wao, na ile asilimia 20 inayobaki si uvivu. Ndiyo inayofanya simu ipokelewe haraka.

Zile sekunde 240 nazo zikaguliwe vizuri. Ndani yake mna kuongea, muda mteja anaowekwa asubiri kwenye laini, na kazi ya baada ya simu: kuandika maelezo, kufungua tiketi, kutuma ujumbe. Ukihesabu kuongea peke yake utapanga watu wachache mno. Hata kosa dogo huuma: mfumo ukiwa mzito siku hiyo na kila simu ikaongezeka sekunde 30 tu, mzigo unapanda hadi 18, na ejenti wale wale 20 wanashuka kutoka asilimia 82 hadi 53 hivi.

Hao 20 ni watu walio kwenye viti, vichwani wana hedseti, si majina yaliyo kwenye ratiba. Kuna chai, mafunzo, ugonjwa, na matatu zilizokwama kwenye mvua. Ikiwa rekodi zako zinaonyesha kwamba asilimia 30 ya muda wa shifti hupotea hivyo, usiongeze asilimia 30 juu ya 20, kwa sababu utapata 26, na asilimia 30 ya 26 wakikosekana unabaki na 18. Gawa:

```
=ROUNDUP(20/(1-0.3),0)
```

Unapata 29.

Erlang C ina dhana moja isiyo ya kweli: kwamba hakuna mteja anayekata kabla ya kupokelewa. Kwa hiyo foleni ikiwa ndefu, huelekea kudai ejenti wengi kuliko wanaohitajika. Lakini wanaokata wengi hupiga tena, na simu moja huonekana mbili kwenye ripoti. Ukiona nusu saa yenye waliokata wengi ikifuatwa na nusu saa yenye simu nyingi isivyo kawaida, linganisha namba za waliopiga kabla ya kuingiza hesabu hiyo kwenye makadirio ya Jumatatu ijayo. Na ukihesabu simu zilizopokelewa pekee, utakuwa umewasahau wote waliokata bila kuhudumiwa.