Mtoto wa paka uliyemwokota: picha inasema nini, na nini haiwezi kusema

Picha hufika hivi: kitoto cha kijivu kimelazwa juu ya kanga, macho wazi ya bluu, masikio hayajasimama vizuri, na picha ya pili kikiwa kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu 280. Swali ni moja: ana umri gani, na apewe nini? Tumchukue huyuhuyu awe mfano.

Dhana: ukubwa wa mwili ndio unaoonyesha umri.

Uzito ni ushahidi dhaifu kwa kitoto kilicholala njaa. Kwa gramu 280 ungesema ana wiki mbili na ushee. Lakini anza na kichwa. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Masikio hubaki yamelala kichwani wiki ya kwanza, halafu huinuka polepole na kusimama karibu na wiki ya tatu. Kisha mfungue mdomo taratibu, umpige picha ya karibu kwenye mwanga wa dirishani. Meno madogo ya mbele hutokeza karibu na wiki ya tatu, chonge hufuata kuelekea ya nne. Huyu wetu ana meno ya mbele yanayochungulia kwenye ufizi, kwa hiyo ni wa wiki tatu hivi, na kwa umri huo amekonda. Ungefuata mizani peke yake, ungekosea umri na usingejua kwamba ana njaa.

Macho ya bluu hayamaanishi paka wa kizungu. Watoto wote wa paka huanza nayo, na rangi yenyewe huja karibu na wiki ya 6 au 7.

Dhana: analia, basi apewe maziwa haraka.

Hapa ndipo wengi hufa mikononi mwa watu wenye huruma. Mtoto wa paka akipoa, utumbo wake hulegea: maziwa hukaa tumboni bila kusagwa, yakachacha. Nguvu ya kunyonya na kumeza nayo hupungua, maziwa yakaingia kwenye mapafu. Picha haiwezi kukuonyesha baridi hiyo, kwa hiyo usikimbilie kuuliza mtandaoni kabla hujamgusa. Mtie ncha ya kidole safi mdomoni. Ukihisi ubaridi, usimlishe bado.

Mpashe joto polepole, kwa saa moja au mbili. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, izungushie taulo, iweke upande mmoja tu wa boksi. Upande wa pili uachwe bila joto ili akizidiwa aweze kusogea. Chupa ikipoa badilisha maji, maana ikishapoa inamnyonya joto badala ya kumpa.

Dhana: huku kwetu ni joto, hahitaji kupashwa.

Katika wiki ya kwanza anahitaji hewa ya nyuzi 29 hadi 32 kumzunguka, na huyu wa wiki tatu bado anataka kama 27. Hata Dar es Salaam, sakafu ya vigae, feni na manyoya yaliyoloa mvua vinatosha kumpoza. Nairobi usiku wa Julai ndiyo usiseme.

Dhana: maziwa ya ng'ombe ni maziwa tu.

Yana protini na mafuta kidogo kuliko ya paka, na sukari yake humharisha. Kuhara kwa mwili mdogo hivi kunamaliza maji kwa saa chache. Tafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka kwa daktari wa mifugo au duka la vifaa vya wanyama. Ukikosa usiku huo, maji ya ORS ya vuguvugu, yaliyochanganywa kama pakiti inavyosema, yatamvusha hadi asubuhi; si chakula.

Kipimo cha kawaida ni mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito. Wetu wa gramu 280 anapata mililita 11 kila baada ya saa nne, usiku ukiwemo. Kwa kuwa ametoka na njaa, mlo wa kwanza na wa pili uwe mililita 6 au 7. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake. Ukimlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maziwa hupita njia ya hewa. Yakitokea puani, acha mara moja na uinamishe kichwa chake.

Baada ya kila mlo, mpapase sehemu za siri kwa pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu mpaka akojoe. Wa umri huu mara nyingi hawezi mwenyewe.

Mpime kila asubuhi kabla ya kumlisha. Anatakiwa kuongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Uzito ukishuka, akihara, akikataa kunyonya au ufizi ukiwa mweupe, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Ufizi mweupe mara nyingi ni viroboto wamemnyonya damu, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini usimguse nayo: ni sumu kwa paka.