Samaki wamekufa chini ya kiwanda: barua kwa afisa mazingira iandikwe vipi

Katibu wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, katika kijiji kimoja kando ya mto unaoingia Ziwa Viktoria, aliniletea rasimu ya barua aipeleke kwa Afisa Mazingira wa Wilaya. Ilikuwa na aya moja tu: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wavuvi wa kijiji hiki tunasikitika kukuarifu kwamba samaki wengi wamekufa kutokana na sumu ya kiwanda cha sukari. Tunaomba hatua kali zichukuliwe haraka."

Nimefanya kazi ya ubora wa maji miaka mingi na najua safari ya barua ya namna hiyo. Afisa anaandikia kiwanda akiomba maelezo. Kiwanda kinajibu kwa cheti cha maabara cha mwezi uliopita, maji taka yamo ndani ya viwango. Barua mbili zinawekwa kwenye faili moja, basi. Si lazima afisa awe amehongwa. Hakupewa kitu cha kwenda kukipima, wala saa ya kwenda, wala mahali.

Neno lililoniudhi zaidi katika rasimu ile ni "sumu". Maji yanayotoka kiwanda cha sukari mara nyingi hayana sumu kwa maana tunayoifahamu. Yana sukari, molasi, vumbi la makapi ya miwa na maji ya kuoshea mitambo. Vijidudu vya mtoni vinavila vitu hivyo kwa pupa, na vikila vinatumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Samaki anakufa kwa kukosa pumzi. Wavuvi wakiandika "sumu", kiwanda kinapima madini na viuatilifu, kinakuta hakuna kitu, kinakuwa kimesema kweli.

Maabara hupima njaa hiyo ya oksijeni kwa kipimo kiitwacho BOD. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za Tanzania za mwaka 2007 zinataka maji taka yanayomwagwa mtoni yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita. Tuseme wakati wa kiangazi mto unapitisha lita 2,000 kwa sekunde, na kiwanda kinaachia lita 50 kwa sekunde zenye BOD ya 1,200, kiasi ambacho si cha ajabu kwa maji ya kiwanda cha sukari yasiyosafishwa. Zidisha 50 kwa 1,200, gawanya kwa lita 2,050 za maji yaliyochanganyika: unapata kama 29 katika mto wenyewe. Sasa linganisha na hazina iliyopo. Maji ya nyuzi joto 25 hubeba oksijeni kama miligramu 8 tu kwa lita hata yakiwa safi kabisa. Deni limezidi mfuko zaidi ya mara tatu. Mto unaokoa kiasi fulani kwa kuvuta hewa kwenye maporomoko na mawe, lakini pale maji yanapotulia na kuwa mazito, deni linadaiwa.

Halidaiwi papo hapo, na hili ndilo linalowachanganya wavuvi na maafisa wote wawili. Vijidudu vinahitaji muda wa kula. Maji yanayokwenda mita 0.3 kwa sekunde husafiri takriban kilomita moja kwa saa. Yakiachiwa saa tatu usiku, saa kumi na mbili asubuhi yako kilomita tisa au kumi chini ya bomba, na kwa hesabu yangu ya mto ule yameshakula oksijeni kama miligramu 4 kwa lita. Alfajiri ni saa mbaya hata kwa mto wenye afya, kwa kuwa mimea ya majini usiku kucha imekuwa ikivuta oksijeni bila kutengeneza. Kwa hiyo mizoga inaonekana kwenye matete kilomita tisa chini, huku mita mia mbili chini ya bomba samaki wanaruka. Meneja wa kiwanda anampeleka afisa hapo karibu na bomba, anamwonyesha samaki wazima. Afisa asiyejua jambo hili anarudi ofisini ameridhika.

Ndiyo maana nilimwambia katibu: barua isianze na kiwanda, ianze na mahali mzoga wa kwanza ulipoonekana. Tembeeni ukingo kwa ukingo kutoka chini kwenda juu mpaka mizoga iishe, mwandike jina la mahali hapo. Endeleeni mpaka bombani, kisha juu ya bomba, mwandike mmeona nini huko pia. Kutokuwepo kwa mizoga juu ya bomba kuna uzito kuliko mizoga elfu chini yake.

Kisha samaki wenyewe watoe ushahidi. Wavuvi wale walijua mambo ambayo mimi ningehitaji vyombo kuyagundua, ila hawakuona kama yanafaa kuandikwa kwenye barua ya serikali. Nilipouliza, walisema alfajiri ile ningu na kuyu walikuwa juu ya maji wakifunguafungua midomo, na perege wakubwa walikufa kabla ya wadogo. Kambale hawakufa. Hata mmoja. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, anaweza kuishi kwenye tope, na kamongo vivyo hivyo. Ningu na kuyu ni samaki wa maji yanayokwenda kasi, hawana njia nyingine ya kupumua. Wakifa hao na kambale akabaki, aliyepungua ni oksijeni. Kambale naye angekufa, pamoja na dagaa wadogo wa ukingoni na kaa wa mtoni, ningefikiria dawa ya shambani au kemikali, na ningemwambia afisa atume samaki maabara badala ya kuhangaika na BOD.

Lipo swali ambalo afisa ataliuliza hata asipoliandika: je, ninyi wenyewe hamkutia utupa? Wavuvi hukasirika wakiulizwa hivyo. Lakini uvuvi wa sumu upo, kila afisa uvuvi ameuona, na samaki aliyepigwa na utupa naye huhema juu ya maji. Barua ilijibu swali kabla halijaulizwa. Anayetia utupa huchagua kidimbwi, huwa na watu wa kuokota, na samaki hufa kwenye kipande kifupi. Mizoga iliyotapakaa kilomita nyingi mfululizo, isiyookotwa na mtu, kwa siku moja, haielekei kuwa kazi ya mvuvi mwenye kikapu.

Na swali la ng'ombe. Machi 2022 samaki walikufa kwa wingi Mto Mara, maji yakawa meusi na kunuka. Kamati iliyoundwa na Selemani Jafo, aliyekuwa waziri wa mazingira wakati huo, chini ya Profesa Samwel Manyele, ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo miongoni mwa sababu. Watu wengi walicheka na wengine walikasirika. Mimi sicheki, kwa sababu mkondo wenyewe wa jambo unawezekana: uchafu wowote unaooza hula oksijeni, na huko juu ya Mara watafiti wameonyesha kwamba mvua ikisukuma kinyesi cha viboko kutoka kwenye madimbwi yao, oksijeni hushuka ghafla na samaki hufa. Somo kwa wavuvi wa kiwandani ni kwamba utetezi huo sasa uko tayari mfukoni mwa kila mchafuzi. Barua iseme kama mvua ilinyesha juu ya mto siku zile au la. Hapa haikunyesha, mto ulikuwa umeshuka, na mafuriko ya kuosha malisho hayakuwepo.

Sampuli ni jambo ambalo watu hulipa uzito usio wake. Chupa ya maji ya dukani iliyojazwa na mvuvi haitasimama mahakamani. Inayosimama ni ile iliyochukuliwa na mkaguzi na kupimwa na maabara inayotambuliwa. Bado ijazeni, maana humsukuma afisa. Isuuzeni kwa maji ya mto mara tatu, jazeni mpaka juu bila kuacha hewa, wekeni kwenye barafu gizani, ifike ndani ya saa 24. Moja juu ya bomba, moja bombani, moja penye mizoga. Samaki chukueni anayekata roho, si aliyevimba. Katika joto letu mzoga wa saa chache matamvua yake yameshaoza, daktari haoni kitu. Huyo naye awe kwenye barafu, asigandishwe. Hao wengine wasiuzwe wala kuliwa mpaka chanzo kijulikane, hata kama inauma.

Baada ya marekebisho, kiini cha barua kilisomeka hivi:

"Yah: Vifo vya samaki mtoni, kuanzia kivuko cha chini hadi matete ya mdomoni. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Alfajiri ya Jumanne wavuvi wetu waliokuwa wakitega waliona ningu, kuyu na perege wakihema juu ya maji, na kufikia saa mbili asubuhi walikuwa wamekufa. Kambale hawakufa. Mizoga ilianza kuonekana takriban kilomita tisa chini ya bomba la kiwanda. Kati ya hapo na bombani samaki walikuwa wazima, na juu ya bomba hatukuona mzoga wowote. Jumatatu usiku wakazi wa karibu na bomba walisikia harufu ya molasi na kuona povu la kahawia. Mvua haikunyesha wiki hiyo. Hakuna aliyeonekana akiokota samaki kwenye kipande hicho."

Hakuna neno sumu wala "hatua kali". Lakini afisa akisoma anaona saa, umbali, aina ya samaki na usiku wa kuuliza.

Maombi nayo yalibadilika. Afisa akifika siku mbili baadaye saa tisa alasiri na kipimo chake, atakuta oksijeni nzuri: maji machafu yameshapita, na jua limewasha mimea. Kwa hiyo wavuvi waliomba apime kabla ya jua kuchomoza, juu na chini ya bomba, na ageuze mawe ya chini ya bomba. Mto husahau upesi majini, mawe hayasahau. Utando wa kijivu unaoteleza na minyoo myekundu peke yake, pale ambapo juu ya bomba kuna wadudu wa aina nyingi, vinaonyesha kwamba maji machafu yamekuwa yakija kwa wiki, si usiku mmoja. Ombi la tatu lilihusu karatasi: masharti ya kibali cha kumwaga maji taka kilichotolewa na Bodi ya Maji ya Bonde, na daftari la kiwanda la mtiririko wa Jumatatu usiku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa za mazingira, basi waliomba nakala ya majibu ya maabara pia, kwa tarehe waliyoitaja.

Nakala zilikwenda ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, Bodi ya Maji ya Bonde, Afisa Uvuvi na Mtendaji wa Kijiji. Nilisisitiza Bodi hasa, kwa sababu kibali ni chake, na aliyetoa kibali ndiye anayeweza kukisimamisha. Ile nakala ya kijijini iligongwa muhuri wa kupokelewa, na katibu akaitia kwenye faili lake mwenyewe.