Je, wajua video ndefu ya hoja hujengwaje?

Kuna video za uchambuzi za saa nzima ambazo siwezi kuziacha. Watengenezaji wake wanapangaje hoja ili mtu asichoke, na wanahakikishaje kwamba wanayosema ni kweli?

Nitatumia mfano mmoja, hadithi ya spinachi na nukta ya desimali. Inasimuliwa hivi: zamani wanakemia wa Kijerumani waliiweka nukta mahali pasipo pake, spinachi ikaonekana ina madini ya chuma mara kumi ya kiasi halisi, na ndiyo maana mchora katuni Elzie Segar akamlisha Popeye spinachi ili apate nguvu. Ni hadithi tamu, na mwandishi wa haraka angeiingiza kwenye skripti siku hiyo hiyo.

Mtafiti makini huikata vipande kwanza. Ndani yake mna madai matatu: kwamba kosa lilifanyika, kwamba kosa hilo ndilo lililoipa spinachi sifa, na kwamba Segar aliichagua kwa sababu hiyo. Kila dai linadai ushahidi wake, kwa kuwa moja linaweza kuwa kweli na jingine uongo.

Kisha anarudi nyuma chanzo kwa chanzo. Waandishi wengi wanaielekeza hadithi hii kwenye makala ya daktari Terence Hamblin katika jarida la British Medical Journal, mwaka 1981. Wengi huishia hapo, maana jarida la tiba linatosha kumridhisha mtu. Ukiifungua makala yenyewe, unakuta Hamblin anasimulia kosa hilo bila kutaja chanzo chochote. Mwaka 2010 Mike Sutton, mtaalamu wa elimu ya uhalifu, aliutafuta ushahidi wa kosa hilo asiupate. Na katuni za Popeye za mwaka 1932, ambazo ndizo ushahidi wa kwanza kuhusu Segar, zinasifu vitamini A ya spinachi. Madini ya chuma hayamo.

Hapo ndipo uandishi unapohitaji uangalifu mkubwa. Ukiandika “kosa hilo halikutokea kamwe”, umedai zaidi ya ulichonacho. Kinachoweza kusimama ni kwamba waliolitafuta hawajalipata. Kwa hiyo skripti nzuri huandikwa katika jedwali la safu tatu: maneno yatakayosemwa, picha itakayoonekana, na chanzo pamoja na ukurasa wake. Sentensi ya dai ikikosa chanzo katika safu ya tatu, inapunguzwa makali au inaondoka. Safu ya picha nayo inakaguliwa, kwa sababu ukionyesha katuni iliyochorwa miaka mingi baadaye huku ukizungumzia mwaka 1932, umedanganya bila kutamka neno.

Sasa mpangilio. Utafiti ulikwenda kinyumenyume, lakini mtazamaji hahitaji kuupitia wote. Anachohitaji ni swali ambalo bado halijajibiwa. Ukitangaza dakika ya kwanza kwamba hadithi ya nukta haina ushahidi, umemwondolea sababu ya kukaa. Afadhali uisimulie kwa nguvu zake zote, umwonyeshe jarida lililoichapisha, halafu umfungulie ukurasa usio na chanzo. Huko si kumlaghai, mradi usiiapie hadithi hiyo kwa kauli yako. Sema “inasimuliwa”, na mtazamaji makini atakumbuka baadaye kwamba ulisema hivyo.

Ili kupima mfuatano, weka neno kati ya sehemu na sehemu. Ikiwa “lakini” au “kwa hiyo” linakaa vizuri, hoja inasonga. Ikiwa linalokaa ni “pia” tu, sehemu hiyo imebandikwa, na hapo ndipo watu huondoka. Chukua jambo hili: gramu 100 za spinachi mbichi zina takriban miligramu 2.7 za chuma, na mwili hunyonya sehemu ndogo tu ya chuma hicho. Ukiliweka baada ya Popeye, ni “pia”. Lihamishie pale mtazamaji anapojiuliza kama spinachi ilistahili sifa yake hata bila kosa la nukta, na ghafla linabeba “lakini” nzito: chuma kimo, lakini kingi hakiufikii mwili. Ukweli ni ule ule, mahali tu ndipo palipobadilika.

Mwisho skripti husomwa kwa sauti, saa ikiwa mkononi. Sentensi inayokukata pumzi igawanywe, na aya unayotamani kuiruka ichunguzwe upya, maana mara nyingi huko ndiko “pia” ilikojificha. Video ikishatoka, linganisha grafu inayoonyesha watazamaji waliobaki kila dakika na jedwali lako: penye mporomoko wa ghafla, angalia ni sehemu gani ilikuwa inaanza.