Benchi halilindi bega

Juzi tena kijana ameingia chumba changu cha fiziotherapia hapa Dodoma akiwa ameshika bega la kulia kwa mbele, na maneno yakawa yale yale: "Dokta, dipsi za kwenye vyuma zilinishinda, wakaniambia nianze na benchi maana benchi haliumizi mtu." Nimechoka kuisikia kauli hii. Benchi linapunguza uzito tu, bega lako halilindi.

Dipsi ni kujishusha na kujiinua kwa mikono. Kwenye vyuma sambamba mwili mzima unaning'inia kwenye mikono miwili. Kwenye benchi miguu iko chini na inabeba sehemu ya mzigo, kwa hiyo ni kweli mtu asiye na nguvu ataweza kurudia mara kadhaa. Watu wanaishia hapo. Hawaulizi mkono unakwenda wapi.

Simama wima, rudisha mikono nyuma ikiwa imenyooka, bila kuinama. Wengi wetu tunafika nyuzi 50 hadi 60 hivi, basi. Sasa kaa mbele ya benchi, shika ukingo wake nyuma yako, shuka mpaka mkono wa juu, yaani kutoka begani hadi kiwikoni, ulale sambamba na sakafu. Mgongo umesimama na mkono umelala, kwa hiyo umeupeleka nyuma ya mwili nyuzi 90. Bega lina 60. Zile 30 zinapatikana kwa kombe la bega kubinuka mbele na bega kupanda kuelekea sikioni, huku kichwa cha mfupa wa mkono kikisukuma mfuko wa kiungo na kano zilizo mbele. Ndipo hapo kijana wangu alipokuwa ameshika.

Kwenye vyuma kuna nafuu ambayo benchi halina: unaweza kuinamisha kiwiliwili. Ukiinama mbele nyuzi 30 na mkono wa juu ukalala sambamba na ardhi, bega limerudi nyuma nyuzi 60 tu. Kwenye benchi huwezi kuinama hivyo, kwa sababu mikono imekwama nyuma yako. Ile kanuni ya "shuka mpaka kiwiko kikunjike nyuzi 90" ilifaa kwenye vyuma, na watu wameihamishia kwenye benchi bila kuangalia kwamba mgongo umebadilika. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu anayeumia ni yule yule aliyetaka kuwa mwangalifu.

Nikiri jambo moja: wapo wanaozama chini kabisa kwa miaka na mabega yao mazima. Kwa kumtazama tu mtu siwezi kujua ni nani atakayevumilia. Kwa hiyo kina ninachokitaja hapa ni tahadhari, si mpaka uliochorwa mwilini.

Kijana huyu alikuwa ameweka miguu juu ya benchi la pili na sahani ya chuma mapajani, yaani hata ile nafuu ya uzito alishaitupa. Nilipompima akiwa amesimama wima, mkono wake ulirudi nyuma nyuzi 45 tu. Tuliacha dipsi kabisa kwanza, akafanya pushapu mikono ikiwa juu ya meza imara, mpaka maumivu ya kuvaa shati yakaisha. Ndipo tukarudi kwenye benchi la kimo cha goti: nyayo sakafuni, magoti yamekunjwa, makalio yanapita karibu kabisa na ukingo, mabega yamevutwa chini. Chini ya makalio tulipanga matofali ili yamguse kabla mkono haujafika nusu ya njia ya kulala. Seti mbili za marudio sita hadi nane, na bega likianza kupanda sikioni, seti imekwisha hata kama nguvu bado ipo.

Hatua iliyofuata haikuwa kunyoosha miguu. Tulimpeleka kwenye vyuma vyenye upana unaozidi mabega kidogo tu, vidole vya miguu vikiegemea kigoda nyuma yake, akainama mbele na kushuka polepole. Vyuma vingi vya mitaani vimechomelewa vipana mno, navyo vinalitanua bega likiwa limeshaelemewa.

Kuhusu kifua: maumivu katikati, pale mbavu zinapoungana na mfupa wa kidari, si "kifua kufunguka". Ni maungio yaliyozidiwa, punguza kina na marudio. Ukisikia kitu kimekatika ghafla kwapani au mbele ya bega, kisha mkono wa juu ukavilia damu na ule ukingo wa mbele wa kwapa ukalegea kuliko wa upande wa pili, usikande wala usipake dawa ya kuchua. Huenda kano ya msuli wa kifua imechanika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ikihitaji kushonwa, mapema ni rahisi kuliko baada ya kano kujivuta na kushikamana na kovu.